Barua ya Nyanchera na Lori la Chai

Nyanchera Onyiego aliniletea barua yake shuleni siku ya Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilimfundisha Kiswahili miaka minne katika shule ya sekondari hapa karibu na Nyaramba, na tangu amalize chuo kikuu alikuwa akinipitia mara moja moja kuuliza kama neno fulani limekaa sawa. Safari hii barua ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo barua zote za kazi hapa kwetu, naye alitaka nimtazamie vituo tu, nukta na mikato. Alisema hivyo kabisa kabla hajanipa karatasi. "Vituo, Mwalimu. Maneno yameshakaa."

Kampuni moja ndogo mjini Kisii, inayotengeneza programu za hospitali na shule, ilikuwa imetangaza kazi ya mtengenezaji programu wa ngazi ya chini kabisa, yule anayeanza. Tangazo lilitaka pia mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili. Nyanchera alikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, miezi mitano tangu avae joho, na hakuwa amewahi kuajiriwa hata siku moja.

Nilipoisoma barua nilisahau vituo. Aya ya kwanza, nikiitafsiri, ilisema hivi:

"Naomba kazi ya mtengenezaji programu anayeanza mliyoitangaza tarehe tatu. Tangazo lenu linataka uzoefu wa miaka miwili. Sina. Nilichonacho ni programu tatu nilizozitengeneza, na mbili kati ya hizo zinatumika leo na watu ambao hawanijui vizuri na hawanionei huruma zinapokosea. Naomba mnipime kwa hizo."

Kisha akazieleza moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya lori la majani ya chai. Wakulima wa kituo chetu cha kukusanyia chai walikuwa wakipeleka majani mabichi asubuhi na kukaa barazani hadi jioni kwa sababu hakuna aliyejua lori la kiwanda lingefika saa ngapi. Sasa karani wa kituo, Bosire, akishapigiwa simu na dereva, hutuma ujumbe mfupi wenye neno LORI na saa. Simu kuukuu iliyoko nyumbani kwa kina Nyanchera huupokea, huukabidhi kwa programu iliyo kwenye kompyuta yake, na programu huwatumia wakulima wote arobaini na mmoja ujumbe kwenye simu zao, hata zile za vitufe. Ya pili ilikuwa ya maktaba ya shule yetu, kujua kitabu kipi kiko kwa nani. Ya tatu ilikuwa kazi ya chuo waliyoifanya watu wanne, ya kupanga ratiba ya mitihani, na hapo alieleza wazi kwamba yeye aliandika sehemu moja tu, ile inayokagua kama mwanafunzi amepangiwa mitihani miwili kwa wakati mmoja. Kwa kila moja alitaja lugha ya programu aliyotumia na akaweka anwani ya mtandaoni ambapo yeyote angeweza kuusoma msimbo wenyewe, mstari kwa mstari.

Lakini aya iliyonishangaza ilikuwa hii:

"Mwezi wa pili programu ya lori ilinyamaza siku nzima. Karani alituma LORI 10 saa saba mchana, akimaanisha saa kumi jioni kama tunavyohesabu sisi. Mimi nilikuwa nimeandika programu kwa saa za kizungu, kwa hiyo ilidhani anasema saa nne asubuhi, ikaona saa hiyo imeshapita, ikautupa ujumbe. Wakulima hawakujulishwa na majani yalilala nyumbani yakawa mekundu. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi programu humuuliza kwanza karani, 'Saa kumi jioni?', na haitumi chochote mpaka ajibu NDIYO. Nimewaandikia haya kwa sababu katika yote niliyoyafanya, hapa ndipo nilipojifunza zaidi."

Mwisho alisema anachoweza kuwafanyia tangu wiki ya kwanza, kwamba anaweza kuanza wakati wowote, na kwamba wakitaka kuiona programu ikifanya kazi watume neno JARIBU kwa nambari aliyoiweka. Ukurasa mmoja, haukuzidi.

Nilimwambia aiondoe aya ya kosa. Nasema ukweli, nilimwambia hivyo. Nilidhani mtu anayeomba kazi huonyesha uso uliooshwa. Akanisikiliza hadi mwisho, akarudisha barua kwenye bahasha, akaniuliza kama vituo viko sawa. Nikasema viko sawa. Akanishukuru, akaenda.

Baadaye nilijua kwamba sikuwa wa kwanza kumshauri. Haron, mjomba wake, ni karani katika ofisi moja ya serikali huko Nyamira na amesoma barua za kazi kwa miaka mingi. Alikuwa amemwandikia barua nyingine kabisa, ile tunayoijua wote: mimi niliyetajwa hapo juu ninayo heshima kuu, mimi ni mchapakazi, ninaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Zaidi ya hapo, rafiki yake mwenye duka la kutengeneza simu alikuwa tayari kugonga muhuri kwenye karatasi inayosema Nyanchera alimfanyia kazi miaka miwili.

Esnah, mama yake Nyanchera, alitamani sana achukue ile karatasi. Ni mjane, anachuma chai yake mwenyewe na ana migomba michache nyuma ya nyumba, na aliona kaka yake amejitolea kusaidia. Nyanchera alimjibu mjomba wake kwa adabu, akiwa ameshika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Alisema hiyo miaka miwili alikuwa darasani, na wakimuuliza alitengeneza nini pale dukani atawaonyesha nini? Haron akasema hakuna anayeuliza. Nyanchera akasema, "Basi mjomba, kama hawaulizi, hiyo si kampuni ninayoitaka." Haron alimaliza chai yake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Barua ikatumwa Jumatatu hiyo hiyo jioni kwa barua pepe.

Jumatano, yapata saa tano asubuhi, nilikuwa darasani simu yangu ilipotetemeka mfukoni. Mimi pia nina chai kidogo, na mke wangu ndiye anayechuma. Ujumbe ulisema lori litafika saa tisa alasiri. Mke wangu pia aliupata. Aliacha mistari ya chai ambayo hakuwa ameifikia, akajaza kikapu alichokuwa nacho, akateremka kituoni. Wote walifanya hivyo. Kufikia saa nane na nusu baraza ilikuwa imejaa, na Bosire karani akawa anawashangaa. Alikuwa hajatuma ujumbe wowote. Dereva hakuwa hata amempigia.

Saa tisa ikapita. Mvua ya mawe ikaja saa kumi kama kawaida yake, na paa la kituo halitoshi watu wote na magunia yao. Lori lilifika saa kumi na mbili jioni. Majani ya waliokuwa pembeni yalikuwa yameloa na kupondeka, na Bosire akalazimika kukataa magunia kadhaa. Bonareri, mwenyekiti wa wanawake wa kituo chetu, mama wa miaka sitini na zaidi, alikuwa ameacha nusu ya shamba lake bila kuchuma kwa sababu alidhani saa zimemwishia. Alimtuma mtu amwite Nyanchera.

Nyanchera alikuja mbio, ameloa. Nilikuwepo. Bonareri hakumfokea. Alimwonyesha gunia lake lililokataliwa, akamuuliza kwa Ekegusii kama kile kitu chake kimeanza kujitumia chenyewe. Nyanchera akasema hajui, lakini kabla hajalala atajua, na kama kosa ni lake atakuja kusema mbele ya wote.

Programu yake huweka kumbukumbu ya kila ujumbe unaoingia: nambari iliyotuma, saa, na maneno yenyewe. Aliifungua. Saa nne na dakika arobaini kulikuwa na JARIBU kutoka nambari asiyoijua. Dakika saba baadaye nambari ile ile ilituma LORI 9. Programu ikauliza, "Saa tisa alasiri?" Nambari ile ikajibu NDIYO.

Hapo akaelewa mambo mawili. Kwanza, kuna mtu aliyesoma msimbo wake mtandaoni, akaona amri ambayo karani huitumia, akaituma. Pili, programu haikumuuliza mtu huyo ni nani. Muda wote ule Nyanchera alikuwa akiangalia kama ujumbe umeandikwa sawasawa, na hakuwahi kuangalia umetoka kwa nani. Bosire alikuwa peke yake anayejua amri, hadi siku Nyanchera mwenyewe alipoianika kwenye barua.

Akapiga ile nambari. Kijana mmoja akapokea kwa furaha. Aliitwa Mathew, fundi wa programu katika kampuni ile ile ya Kisii, na ndiye aliyepewa barua za maombi azichambue. Alimkumbuka mara moja. Alisema aliona pale hakuna ulinzi wowote, akataka kuhakikisha, na kweli mlango ulikuwa wazi. Akacheka kidogo. Nyanchera alimuuliza kama alijua ujumbe ule ungewafikia watu. Mathew akasema alidhani ni programu ya maonyesho tu, ya kupambia wasifu, na majina yaliyomo ni ya kubuni. Kisha akasema kitu kingine, pengine kwa nia njema: kwamba asisubiri jibu, maana barua yake ilikuwa imeshawekwa upande wa waliokosa, kwa ajili ya ile miaka miwili.

Nyanchera alikata simu, akaketi, akarekebisha programu. Ilikuwa mistari michache: orodha ya nambari zinazoruhusiwa kutoa amri, ambayo kwa wakati huo ilikuwa na nambari moja tu, ya Bosire, na ukaguzi unaofanyika kabla ya kitu kingine chochote. Akaijaribu kwa simu ya mama yake, ikakataa. Akaijaribu kwa ya Bosire, ikakubali. Akaandika chini ya marekebisho, kwa Kiingereza, maneno ambayo baadaye nilionyeshwa: sikuwa nimeangalia anayetuma ni nani, wakulima arobaini na mmoja wamedanganywa leo.

Asubuhi alikwenda kituoni kabla ya watu kuanza kuchuma, akasimama mbele yao akasema alichosema atasema. Kosa la mlango ni langu, alisema, na nimeufunga. Aliyeingia ni mtu mwingine, na huyo nitamfuata. Kisha akarudi nyumbani, akavaa sketi yake ya mahafali na viatu vya kufunga.

Haron alikuwa amefika kwa ajili ya shughuli nyingine, akamkuta mlangoni. Alipoambiwa anakokwenda alishika kichwa. Alisema mtu anaomba kazi kwa watu, halafu anakwenda kuwagombeza ofisini kwao? Alisema jina lake litapita ofisi zote za Kisii kabla ya jioni. Esnah naye akaomba angalau asubiri wiki moja hasira ipoe. Nyanchera alimwambia mama yake kwamba hana hasira ya kupoa. "Wamenikataa, sawa. Hiyo ni haki yao. Lakini Bonareri hakuwaomba kazi."

Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande ule wa barabara iendayo Kiogoro. Msichana wa mapokezi alimuuliza kama ameitwa kwa mahojiano. Akasema hapana, amekuja kumwona mkubwa wa Mathew. Akaambiwa aandike barua. Akasema ameshaandika moja, na ndiyo iliyomleta. Akaketi kwenye kiti cha mgeni, akakunja mikono, akakaa hapo muda mrefu.

Aliyetoka hatimaye alikuwa Phanice Okemwa, mkuu wa watengenezaji programu wa pale, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyevaa sweta la kijivu na miwani juu ya kichwa. Nyanchera alisimama, akamwamkia, akamweleza yote kwa mpangilio kama mtu anayesoma kumbukumbu za mkutano: barua, JARIBU, LORI 9, NDIYO, mvua, magunia. Phanice hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Akamwita Mathew. Mathew akaja, akakubali kila kitu. Phanice akamtuma alete ile barua.

Aliisoma amesimama. Phanice alipofika kwenye aya ya saa kumi alirudi juu akaanza tena. Kisha akauliza, "Huu mlango umeufunga vipi?"

Nyanchera akafungua ile anwani ya mtandaoni kwenye simu yake, akamwonyesha mistari, na tarehe na saa ya marekebisho. Phanice aliisoma polepole.

"Na mtu akituma ujumbe unaoonekana umetoka kwa nambari ya karani wako? Hilo linawezekana."

"Sikujua kwamba linawezekana."

"Linawezekana."

"Basi nambari peke yake haitoshi," Nyanchera akasema. Akafikiri. "Tayari namwandikia karani kwa nambari yake na kumuuliza saa. Nikiweka ndani ya swali hilo tarakimu nne zinazobadilika kila siku, na yeye azirudishe pamoja na NDIYO, anayejifanya yeye hatazijua. Hatapata swali, litakwenda kwenye simu ya Bosire yenyewe."

Phanice alishusha miwani machoni. Akasema hilo lingefaa kwa kuanzia. Akamwuliza alijifunzia wapi kuandika kumbukumbu za marekebisho namna ile, maana wafanyakazi wake wengi huandika neno moja tu. Nyanchera akasema hakuna aliyemfundisha. Huziandika kwa sababu yeye mwenyewe husahau.

Wakaingia chumba cha mikutano. Phanice alisema wazi kwamba nafasi iliyotangazwa ilikuwa na watu wenye uzoefu walioomba, lakini angeweza kumpokea kwa miezi mitatu kama mwanagenzi, ajifunze, bila malipo, halafu waone. Alilisema kwa upole na nadhani aliona anatoa zawadi.

Nyumbani kwa kina Nyanchera hakukuwa na mtu mwingine wa kuleta kitu, na alijua mama yake angesema akubali, na mjomba wake, na mimi pia. Hata hivyo alisema, "Asante, madam. Hapana. Uanagenzi niliufanya nikiwa chuoni. Mimi niliomba kazi. Mkiona sifai, semeni sifai, nitarudi nyumbani nikaombe kwingine. Lakini mkiona nafaa kukaa hapa na kuandika programu mtakazouza, basi nafaa kulipwa."

Phanice hakukasirika wala hakutabasamu. Akauliza kama kuna jingine.

"Lipo moja. Mathew aje Nyaramba. Aje kituoni aseme yeye ndiye aliyetuma. Mimi nimeshasema la kwangu."

Aliondoka bila kuahidiwa chochote. Aliporudi alinikuta kwa mama yake, nikasikia habari nzima, na nakiri kwamba nilimwona mjinga. Nilikuwa nimeona vijana wengi walio na vyeti wakibeba matofali. Esnah alilia kidogo jikoni. Nyanchera alichukua kikapu akaenda kuchuma hadi giza likaingia, usiku akaziweka zile tarakimu nne kwenye programu, na kesho yake akachuma tena.

Ijumaa mchana, kabla watu hawajaanza kujiandaa kwa Sabato, gari dogo jeupe lilisimama kituoni. Phanice alishuka, na Mathew nyuma yake. Hakuna aliyewatarajia, hata Nyanchera. Mathew alikuwa mtoto wa Keumbu, kwa hiyo lugha ya Ekegusii haikumpa shida. Alisimama mbele ya wale wanawake na magunia yao, akasema jina lake na jina la baba yake, akasema ni yeye aliyetuma ujumbe wa uongo Jumatano, alidhani hakuna mtu upande wa pili, na anaomba msamaha. Sauti yake ilikuwa chini. Bonareri akamwambia apaze, mke wa Mwalimu hajasikia. Akarudia kwa sauti. Bonareri akamuuliza kama nyumbani kwao Keumbu hawana chai. Akasema wanayo. "Basi ulijua," Bonareri akasema. Mathew aliinamisha kichwa na akabaki hivyo.

Phanice alikaa kwenye benchi kando ya Bosire akamwomba amwonyeshe anavyotuma ujumbe. Alisubiri mpaka dereva alipopiga simu. Bosire akaandika LORI 11, akaulizwa swali pamoja na tarakimu nne, akazirudisha na NDIYO, na simu zikaanza kulia kila upande, mifukoni, kwenye mikunjo ya leso, moja ndani ya kikapu chini ya majani. Phanice alizunguka akiwatazama watu wakisoma. Bibi mmoja asiyejua kusoma alimpa simu amsomee. Akamsomea. Nyanchera alikuwa amesimama mbali, kwenye nguzo ya mwisho, na hakwenda kujipendekeza.

Barua pepe ilikuja Jumatano iliyofuata. Walimpa kazi, ya malipo, na miezi sita ya majaribio. Katika mstari mmoja Phanice alieleza kwamba wameondoa sharti la miaka miwili kwenye tangazo kwa kazi ya watu wanaoanza, kwa kuwa halikuwa na maana.

Ungedhani hapo alitulia. Siku aliyokwenda kutia sahihi alipewa mkataba wa kurasa sita, na Cleophas, meneja wa ofisi, akamwekea kalamu juu yake na kumwonyesha mahali pa kuandika jina. Nyanchera akaomba asome kwanza. Cleophas akasema ni mkataba wa kawaida, wote wametia sahihi. Akasoma hata hivyo, kurasa zote sita, Cleophas akiwa amesimama. Katika ukurasa wa nne kulikuwa na kifungu kilichosema kila programu mfanyakazi aliyoitengeneza, kabla au wakati wa ajira, ni mali ya kampuni.

Akarudisha kalamu mezani.

Alisema zile atakazotengeneza kwa saa zao na kwa kazi yao ni zao, hana neno. Lakini ya lori si yao na haitakuwa yao, wala ya maktaba. Akaomba neno "kabla" liondolewe na programu zile mbili zitajwe kwa jina kwamba ni zake. Cleophas alisema hakuna mtu aliyewahi kuomba hivyo. Nyanchera akasema inawezekana hakuna aliyewahi kufika ukurasa wa nne. Cleophas akaenda kwa Phanice, Phanice akampigia mwenye kampuni, na siku hiyo hakuna kilichotiwa sahihi.

Alirudi nyumbani tena bila kazi, kwa hesabu ya mama yake. Usiku ule Esnah hakusema naye. Siku ya pili wakampigia aje. Kifungu kilikuwa kimeandikwa upya, na majina ya programu zake yalikuwa hapo, moja limekosewa herufi. Akaomba lisahihishwe. Cleophas akalisahihisha kwa kalamu, akaweka herufi za jina lake pembeni, Nyanchera akaweka za kwake, na ndipo akatia sahihi.

Jumatatu alianza. Walimpa meza karibu na mlango wa stoo na kazi ya kusoma programu ya hospitali ambayo watu watatu walikuwa wameiandika kwa zamu na kila mmoja kwa mtindo wake. Mchana wa siku ya kwanza aliinua mkono, kama yuko darasani, akasema kuna mahali anadhani wamekosea. Mathew ndiye aliyekwenda kutazama. Alikaa kando yake kwa muda, akasoma, akavuta kiti karibu zaidi.

"Wapi?" akauliza.

Nyanchera akamwonyesha.